Toa akaunti kwanza ndio uriseti: niliyoyasema Mwaloni kwa wanaotaka kuuza simu

(Nimeyaandika kama nilivyoongea na akina mama na vijana wa dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, maana wengi walifika mwishoni wakaniomba niwatumie.)

Mwangaluka wazazi wangu, mwangaluka vijana wenzangu. Asanteni kwa kuacha mizani mkaja kukaa hapa kivulini, najua magari ya dagaa hayasubiri mtu kwaiyo naingia moja kwa moja.

Mimi ni fundi simu, mnaniona pale na meza yangu. Leo sitaki kuongelea vioo wala chaji, nataka kuongelea siku ile unaamua hii simu naiuza, au nampa mdogo wangu wa kijijini, nanunua nyingine. Kwa sababu kazi inayoniletea watu wenye macho mekundu kuliko zote ni simu iliyokwisha kuuzwa. Muuzaji analia, mnunuzi analia, na simu yenyewe ni nzima kabisa.

Nianze na mama mmoja wa hapahapa, jina naliacha, ameniruhusu niseme. Alikua na simu ya Android, akapata mteja kijana wa Ukerewe, wakakubaliana 130,000. Mama akatoa laini yake, akaweka kwenye simu mpya. Jirani yake hapo akamwambia ngoja nikufutie vitu vyako, akaizima, akashika kitufe cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti, ikaja ile skrini nyeusi ya maandishi madogo, akachagua "Wipe data/factory reset", simu ikafutika. Mama akaona imekua mpya, akapokea hela, kijana akapanda meli ya Nansio.

Jioni simu inaita. "Mama, shikamoo. Mama mbona umeniuzia simu ya wizi?" Mama anasema marahaba mwanangu, wizi gani tena, hiyo simu nimeitumia miaka mitatu. Kijana anasema imeandika "Verify your account", inataka akaunti ya Google iliyokuwepo mwanzo, haisogei mbele hairudi nyuma. Mama akajibu kitu ambacho nusu yenu hapa mngejibu: mimi sina akaunti, mimi nina laini tu.

Ndugu zangu, alikua nayo. Siku ile aliponunua simu dukani, kijana wa duka alimfungulia akaunti ya Gmail, akaandika neno la siri analolijua yeye, akamkabidhi simu inawaka, mama akaondoka. Miaka mitatu akaunti iko ndani imekaa kimya inatunza majina yake na picha zake, na yeye hajui hata inaitwaje. Embu nyoosheni mikono, nani hapa anajua anwani yake ya Gmail na neno lake la siri kwa kichwa? Nahesabu mikono sita, na hapa tuko zaidi ya arobaini.

Sasa nieleze kwanini ile simu ilijifunga, maana ukielewa sababu hutosahau mpangilio. Kuanzia Android 5.1, ile ya mwaka 2015, Google waliweka ulinzi dhidi ya wezi. Ukiwa na akaunti ya Google kwenye simu na umeweka loki ya skrini, iwe PIN au patani, simu inaandika alama ya akaunti hiyo sehemu ya pembeni ambayo kuriseti kwa vitufe hakuifikii. Mwizi akiiba akakuta loki, kitu cha kwanza anachofanya ni kubonyeza vile vitufe aifute, kwaiyo simu ikifutwa kwa njia hiyo inasema sawa nimefutika ila nitajie mwenye mali. Jirani yake mama alifuta kwa njia ileile ya mwizi. Simu haikujua kama ni mama mwenyewe amekaa pembeni, ikafanya kazi yake.

Ukiriseti kwa kupita ndani ya setingi ni kitu kingine. Pale simu inakuuliza PIN yako kabla haijafuta, kwaiyo inajua ni wewe, na ile alama inaondoka. Lakini mimi siwaambii mtegemee hapo peke yake. Toa akaunti kwanza kwa mkono wako, alafu ndio uriseti kwa setingi. Hata Google wenyewe wanasema hivyo, na nimeona kwa macho simu zilizoniletea shida sababu mtu aliruka hatua hiyo.

Namna ya kuitoa. Fungua Settings, tafuta palipoandikwa "Passwords & accounts", kwenye Samsung utaona "Accounts and backup", simu nyingine ni "Accounts" tu. Ingia, utaona Google na anwani yako chini yake. Kama ziko mbili au tatu, kuna wengine watoto wao wameongeza za kwao, zote zinatoka, usiache hata moja. Gusa moja, "Remove account", itakuuliza PIN, unaweka, inatoka. Samsung wana akaunti yao pia, Xiaomi nao wana ya Mi, nazo zinafunga simu vilevile, kwaiyo kama uliwahi kufungua hiyo, itoe hapohapo, na yenyewe itadai neno lake la siri.

Alafu sasa riseti. Kwenye Tecno, Infinix na nyingi za namna hiyo ni Settings, "System", "Reset options", "Erase all data (factory reset)". Samsung ni "General management", "Reset", "Factory data reset". Ikimaliza, naomba mnisikilize hapa, usiizime ukaifunga kwenye boksi. Iache iwake, anza kuiseti kama wewe ndio mnunuzi, mbele ya mnunuzi mwenyewe. Ikifika kwenye waifai angalia kama inakuruhusu kuruka. Ikikulazimisha intaneti bila njia ya kuruka, alafu ikaleta maneno "Verify your account" au "Verify PIN", bado imefungwa, hela usipokee. Ikikupitisha mpaka ile skrini ya nyumbani bila kudai akaunti ya zamani, simu imekua huru. Ni dakika tano hizo.

Na yule mama tulimsaidiaje? Kijana ilibidi arudi na meli, siku yake ya kazi ikapotea na nauli juu. Mimi nilikaa na mama kwenye simu yake mpya, tukafungua g.co/recover. Anwani haijui, kwaiyo tukagusa "Forgot email?", tukaweka namba yake ya simu na majina yake mawili kama yalivyo kwenye kitambulisho. Zikaja tarakimu za uthibitisho kwa meseji kwenye laini yake, tukaziweka, ikatuonyesha akaunti. Nilishukuru Mungu kwamba yule wa dukani aliandika namba ya mama mwenyewe, angeweka yake tusingefika. Tukabadilisha neno la siri, safari hii mama alilitunga mwenyewe akaliandika kwenye daftari lake la madeni.

Pale tukasimama mpaka kesho yake. Ukibadilisha neno la siri, Google wanataka upite muda wa saa 24 ndio utumie kufungua simu iliyofungwa namna hii, ukiingiza mapema inakukatalia hata kama ni sahihi. Wengi wanakosea hapa, anajaribu mara kumi usiku huohuo, anaamini amelisahau tena, anabadilisha tena, na saa 24 zinaanza upya.

Kesho yake mama akaja mezani, akaandika mwenyewe kwenye simu ya kijana. Nilimkatalia asimtajie kijana lile neno la siri kwa simu, japo kijana alikua muungwana, maana mwenye hilo neno anaweza kuona picha na majina yako yote akiwa popote. Simu ikafunguka. Sasa angalieni, ikifunguka hivyo akaunti ya mama imeingia tena ndani ya ile simu, picha zinaanza kurudi! Kwaiyo tukarudi kwenye setingi, tukaitoa, tukariseti kwa setingi, tukaangalia inapita, ndio kijana akapewa. Mwisho tukaingia myaccount.google.com kwenye simu mpya, sehemu ya vifaa, tukakuta ile ya zamani bado jina lake limo, tukaitoa.

Kuna watu mjini watakwambia leta elfu kumi na tano nairuka hiyo loki. Simu za zamani kidogo kweli zilikua na upenyo. Kila toleo wanaziba, na Android 15 wamekaza zaidi, ukiiruka kwa ujanja simu inaweza kukutaka uanze upya na bado idai akaunti ileile. Na wakati huo fundi usiyemjua ameshika simu na hela yako. Mwenye akaunti yupo hai na laini anayo, pita njia iliyonyooka.

Haya, laini. Hapa mnajua kutoa laini, kijipini kinaingia kitundu kinasukuma, wengine mnatumia hereni. Ila kuna imani moja nataka niivunje leo. Watu wanaamini ukitoa laini, kila kitu chako kimetoka na laini. Mwaka jana dada mmoja alimpa mdogo wake simu, akatoa laini tu. Wiki tatu baadae mdogo wake anamwambia dada, kikundi chenu cha kikoba mnagombana sana eeh. Alikua anasoma kila kitu! WhatsApp ikishasajiliwa kwenye simu haihitaji laini iwemo, inahitaji intaneti. Laini iko Igoma kwenye kitochi, WhatsApp iko Sengerema inapokea meseji zako, na anayeishika anaweza kujibu kwa jina lako, anaweza kuandikia kikundi niwekeeni laki mbili kwenye namba hii nimepatwa na msiba, na wanakikoba watatuma, kwa sababu jina na picha ni yako.

Kwaiyo WhatsApp inahamishwa simu ya zamani ikiwa bado mkononi mwako. Fungua ya zamani, Settings, "Chats", "Chat backup", bonyeza "Back up", subiri imalize, kama una picha nyingi itakula bando kwaiyo tafuta waifai. Kwenye simu mpya weka laini na akaunti ileile ya Google, sajili namba, zitakuja tarakimu sita kwa meseji, alafu itakuuliza kurudisha meseji za zamani, kubali hapohapo, ukiruka siku hiyo kurudi ni usumbufu. Ikishakubali kwenye mpya, ya zamani inatoka yenyewe. Ingia pia "Linked devices" uone kama kuna kompyuta ya stationery ulishawahi kuchapishia kitu ukaiacha imeunganishwa, itoe. Na zile tarakimu sita hakuna mtu wa kumtajia, hata mnunuzi akisema zimekuja kwako kimakosa.

Hela za kwenye simu ziko kwenye namba yako kule mtandaoni, haziko ndani ya chuma. Ukihamisha laini salio linakufuata. Kinachobaki ni meseji, na hizo zina salio lako, majina ya waliokutumia, namba za mawakala. Kuriseti kunazifuta. Sasa wengine mnauza simu pamoja na laini, "chukua na laini yake ina bando". Hapana jamani. Hiyo laini imesajiliwa kwa alama yako ya kidole na namba yako ya NIDA, akitapeliwa mtu kule Geita kwa hiyo laini, anayetafutwa ni wewe. Piga *106# kwenye simu yako hapohapo ulipokaa, angalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua nenda ofisi za mtandao husika na kitambulisho chako uifute.

Majina. Hapa akina mama ndio mnapoumia, maana wateja wenu wa Burundi na Kongo wako kwenye majina. Jina linaweza kukaa sehemu tatu, kwenye laini, kwenye simu yenyewe, au kwenye akaunti ya Google. La kwenye laini linaenda na laini, ila laini nyingi zinabeba kama majina 250 tu. La kwenye Google litakuja simu mpya ukiingia na akaunti ileile. La kwenye simu linakufa siku ya kuriseti. Namna ya kujua: weka akaunti yako kwenye simu mpya kwanza, subiri kama nusu saa ikiwa na intaneti, alafu mtafute mteja wako mmoja wa muhimu, mtu wa mwisho kumwandika. Ukimkuta na namba yake iko sawa, endelea. Usipomkuta, simama, rudi kwenye simu ya zamani uyahamishe. Usiriseti mpaka umemwona huyo mtu kwenye simu mpya.

Na memori kadi ichomoe. Kuriseti hakuigusi, na picha ulizozifuta kwa mkono kwenye kadi zinarudishwa kirahisi na programu za bure. Kuna simu ambazo uliulizwa kadi iwe sehemu ya simu ukakubali, hiyo ukiriseti haisomeki tena popote, kwaiyo hamisha picha kabla. Kwa picha za ndani ya simu msiogope sana, simu za miaka ya karibuni zinahifadhi vitu kwa kuvifunga na ufunguo, ukiriseti ufunguo unateketea, kinachobaki hakisomeki.

Wenye iPhone, mpo wachache nawaona. Kwenu ni kutoka kwenye akaunti ya Apple, itawadai neno la siri kuzima "Find My", alafu Settings, "General", "Transfer or Reset iPhone", "Erase All Content and Settings". Mkiiuza bila hiyo, mnunuzi atakutana na loki ambayo hata mimi siiwezi. Tofauti nzuri ni kwamba kama umeshaiuza, unaweza kuingia iCloud.com ukiwa hapa Mwanza ukaifuta na kuiondoa kwenye akaunti yako, mnunuzi akiwa Bukoba.

Nimeulizwa swali na kijana pale nyuma, simu ya mkopo je? Kama bado unalipia kidogokidogo, usiiuze. Ile loki ya kampuni iliyokukopesha iko mbali na ya Google, unariseti, ukiingia intaneti inarudi. Siku ukikosa kulipa itafungwa mikononi mwa mtu aliyekulipa hela taslimu. Maliza deni, hakikisha wameitoa kwenye mfumo wao, ndio utafute mteja.

Na mama hapa anauliza kioo kimekufa, hakionyeshi kitu, anataka kuiuza. Mama, hiyo akaunti utaitoaje wakati huoni? Kama picha inaonekana ila mguso ndio umekufa, njoo na simu, nina waya wa OTG, tunachomeka mausi ya kompyuta, tunatembea nayo mpaka kwenye setingi. Kama ni giza kabisa, unaweza kuifuta kwa mbali kwa android.com/find ikiwa iko hewani, ila ikifutwa hivyo bado itadai akaunti yako, kwaiyo aidha tuweke kioo kwanza, au uiuze kama spea kwa bei ya spea na umwambie mnunuzi ukweli.

Siku ya kukabidhiana piga *#06#, zitatokea zile namba za IMEI, ziandike kwenye karatasi mbili, jina lako, jina lake, bei, tarehe, sahihi zote mbili, kila mtu na yake. Mnunuzi naye atume hiyo IMEI kwenda 15090 aone simu imesajiliwa aina gani, ilingane na aliyoishika mkononi.

Mimi nipo mezani pale mpaka saa kumi na moja. Wale ambao hawakunyoosha mkono nilipouliza neno la siri waje kwanza, na laini zenu ziwe na mtandao, tuzitafute akaunti zenu leo simu zikiwa bado mikononi mwenu.